Mjomba anatimiza miaka 80, na hotuba yangu inasikika kama ya msibani

Shikamoo Mama,

Mjomba wangu, kaka yake mama, mwezi ujao anatimiza miaka 80. Wanawe wameandaa ibada ya shukrani, nami nimeambiwa nizungumze kwa niaba ya familia kwa dakika kumi. Mjomba alikuwa muuguzi kwa miaka 34, akastaafu, akawa mtunza hazina wa kanisa. Baba yetu alipofariki alituchukua sisi wapwa zake watatu, tukakaa kwake hadi tulipomaliza shule. Na ni mcheshi, Mama, mcheshi kupita kiasi. Watoto walipopelekwa kuchomwa sindano alikuwa akiwaambia waushike ukuta usije ukaanguka. Hata mimi niliushika.

Nimeandika kurasa nne. Nilipomsomea mke wangu akaniambia, "Hii ni ya msibani." Nikaongeza vichekesho sita vya Mjomba, nikamsomea tena, hakucheka hata kimoja, wakati Mjomba mwenyewe humchekesha mpaka akashika mbavu. Tena binti yake mkubwa aliniona naandika, akasema, "Usisahau kwamba alihudumia kila mtu isipokuwa nyumba yake." Alitabasamu, lakini sijui kama alikuwa anatania. Mama yao, mkaza mjomba, alifariki miaka mitano iliyopita. Na Mjomba siku hizi hasikii vizuri.

Nianzie wapi?

Mpwa

*

Marahaba, mwanangu.

Anza kwa kumwamini mkeo. Kurasa zako sijaziona, lakini naweza kukisia: aya ya kwanza alizaliwa, ya pili alisoma, ya tatu aliajiriwa, kisha alioa, kisha alistaafu. Huo ni mpangilio wa wasifu wa marehemu. Watu wameusikia makaburini mara nyingi mno, kiasi kwamba ukifika kwenye "alistaafu" masikio yao yanangoja "aliugua". Wewe huna aya hiyo, tumshukuru Mungu, kwa hiyo hotuba inakatika tu kama kamba, na watu wanabaki wametega masikio.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya, na langu lilikuwa baya zaidi. Nilisimama kumshukuru mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ametimiza miaka 75. Nilikuwa nimezungumza kwenye misiba miwili mwezi ule, na ulimi ulikuwa umeshazoea njia. Nikasema, "Marehemu mzee wetu..." Ukumbi ukanyamaza. Mzee akainua mkono taratibu kama mwanafunzi, akasema, "Naomba nisubiriwe kidogo." Watu walicheka kwa muda mrefu, na mimi nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani niliitazama karatasi yangu nikaona kwamba ulimi haukuteleza bure. Kila sentensi ilianza na "ali". Alifundisha, alipenda, alisaidia, alikuwa. Nilikuwa nimemzika kwa sarufi kabla sijamzika kwa neno.

Kwa hiyo chukua kalamu, upige mstari chini ya kila kitenzi kinachoanza na "ali". Vingi vitakubali kubadilika. Mambo aliyoyafanya zamani mwambie yeye mwenyewe: "ulinishika mkono", "ulitufungulia mlango". Mambo anayoyafanya hadi leo yape "hu" yake: Mjomba hucheka kabla hajamaliza kusimulia, Mjomba huhesabu sadaka mara mbili. Mabadiliko haya ya herufi chache ndiyo yanayoiondoa hotuba makaburini, kwa sababu yanakulazimisha kumtazama mtu usoni. Ukisema "alikuwa mkarimu" unaweza kuwa unaitazama karatasi. Ukisema "ulitufungulia mlango" lazima umtazame, naye lazima akutazame.

Sasa maisha yake. Miaka 34 ya uuguzi haiwezi kuingia ndani ya dakika kumi, usijaribu. Itakaa kwenye sentensi moja, na sentensi hiyo itatosha, maana wengi watakaokuwepo wanaijua kuliko wewe. Kazi ya mtunza hazina mwachie mtu wa kanisa. Mpigie simu mshereheshaji umuulize nani mwingine anazungumza, na baada ya nani. Kama mzee wa kanisa yumo kwenye ratiba, habari za hazina ni zake. Ukizigusa utakuwa umemla mwenzako hotuba, naye akifika kipaza sauti atairudia yote ili kulipiza. Wewe uliambiwa uzungumze kwa niaba ya familia. Familia ina kitu ambacho mwajiri na kanisa hawana, na katika barua yako umekitaja kwa sentensi mbili halafu ukakipita.

Nauzungumzia ukuta.

Nadhani toleo ulilomsomea mkeo lilikuwa hivi: "Mjomba alikuwa mcheshi sana. Alikuwa akiwachekesha watoto waliokuja kuchomwa sindano kwa kuwaambia kwamba waushike ukuta ili usianguke, na watoto waliamini kweli, jambo lililowafurahisha wengi." Tuliangalie limevunjikia wapi. Sentensi ya kwanza imetangaza kicheko kabla hakijaja, na kicheko kikishatangazwa watu hukikazia uso. Kisha "kwa kuwaambia kwamba" imemnyang'anya Mjomba maneno yake ikayaweka kwenye kinywa cha karani. Kisha neno lenye kuchekesha, ukuta, limekaa katikati, na baada yake kuna mkia mrefu wa maelezo. Msikilizaji aliyekuwa ameanza kutabasamu analazimika kutulia asikie mkia huo. Akishatulia hacheki tena.

Jaribu hivi, ukibadilisha yale ambayo mimi siwezi kuyajua:

"Mjomba, nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimeshaiona sindano, na nilikuwa nimeshauona mlango. Ukaniinamia sikioni ukaninong'oneza, 'Mpwa wangu, huu ukuta tangu asubuhi unataka kuanguka, na mimi mikono yangu ina kazi. Hebu nishikie kidogo.' Nikaushika kwa mikono miwili. Nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Nilipogeuka kukuuliza kama ukuta umepona, ulikuwa unamwita mtoto mwingine."

Hapo unyamaze. Umeona kwamba kuchomwa kwenyewe hakukutajwa? Watu watakuchoma wenyewe kichwani mwao, na hilo ndilo litakalowachekesha. Ukiongeza "kumbe alikuwa ameshanichoma!" umeua kila kitu. Neno la mwisho la kisa lazima liwe lile linalofunua jambo, na baada yake isiwepo hata "basi". Najua utatamani kusema kitu kwa sababu kimya kitakutisha. Kitadumu sekunde moja au mbili. Kihesabu kwa vidole vya mguuni ndani ya kiatu.

Usiandike kisa hiki kwa kumbukumbu yako pekee. Mtoto wa miaka sita hukumbuka ukubwa wa sindano na si zaidi. Mtafute mtu aliyefanya kazi zamu moja na Mjomba umuulize maneno yale aliyatamka vipi hasa, na kwa nini ukuta. Nilimfahamu muuguzi mwenye mbinu inayofanana na hiyo, na aliponieleza nilishangaa jinsi ilivyopimwa. Mikono miwili ikiwa ukutani haiwezi kuidaka sindano. Mtoto aliyeegemea kitu husimama imara, hachezi. Uso wake umeelekea upande mwingine. Na zaidi ya yote kuna foleni: mtoto mmoja akitoka analia, wote walio nyuma yake wanaanza kulia kabla hawajafikiwa, lakini akitoka anauliza habari za ukuta, aliye nyuma yake naye anataka zamu ya kuushika. Wauguzi wenzake walidhani anacheza. Alikuwa anapanga kazi yake ya saa mbili zilizokuwa mbele.

Ukilipata jambo kama hilo kutoka kwa mwenzake Mjomba, una hotuba. Umetumwa kusifu huduma na ucheshi, na pengine umekuwa ukiviandika kama vitu viwili, ukurasa wa kazi na ukurasa wa vichekesho. Kwenye ukuta ule vilikuwa kitu kimoja. Sentensi moja baada ya kicheko kutulia inatosha: "Miaka mingi nilidhani ulikuwa unatuchekesha, Mjomba, kumbe ulikuwa kazini." Usiifafanue.

Vile vichekesho vingine vitano vifute. Havikufa kwa sababu huna kipaji. Vilikufa kwa sababu ucheshi wa mtu kama Mjomba ni wa majibu: mtu anasema neno, yeye analidaka na kulirudisha likiwa limegeuzwa. Ukimnukuu unaleta jibu bila swali lake, bila uso wake, bila kile kikohozi anachotanguliza. Na yeye mwenyewe atakuwa amekaa mita tatu kutoka ulipo! Mwachie nafasi achekeshe kwa kinywa chake. Baada ya kisa muulize swali la kweli, kwa mfano, "Hivi Mjomba, ule ukuta bado umesimama?" na uhakikishe kuna kijana mwenye kipaza sauti cha pili karibu na kiti chake. Usimwonye mapema. Atakalolijibu litashinda lolote ulilonalo kwenye karatasi. Akizungumza dakika tatu, mshukuru, kisha ruka aya moja. Weka alama mapema kwenye aya utakayoiruka, usije ukaanza kuitafuta huku watu wakikutazama. Asipojibu, akitabasamu tu, tabasamu nawe uendelee.

Kuna utani mmoja ambao si wako hata kidogo, nao ni wa uzee wake. Mjomba akisema meno yake yamestaafu kabla yake, kila mtu atacheka. Ukisema wewe, watu watamtazama kwanza kuona kama ameumia, na huo utazamaji ndio unaoumiza.

Nimeliacha kwa makusudi lile la binti yake, kwa sababu ndilo gumu na ndilo nililolifikiria zaidi. Mtu anaweza kutabasamu na kusema kweli kwa pumzi ileile. Watoto wa watu wacheshi hujifunza hivyo nyumbani. Nenda ukamwone kabla hujaandika neno jingine. Usiende na karatasi, na usiende kumtuliza. Mwambie lile neno ulilonitupia juzi halijanitoka, nieleze. Kisha sikiliza mpaka amalize, hata kama atasema mambo ambayo hayataingia kwenye hotuba yoyote.

Maana fikiria alivyoishi yeye. Baba anafanya zamu za usiku, na sikukuu ni zamu kama siku nyingine. Anaporudi asubuhi, watoto wanaamka, na kazi ya kwanza ya siku ni kunyamaza ili alale. Vile vichekesho ambavyo mji mzima unavisimulia, yeye alivipata vikiwa vimebaki mwisho wa siku, kama vilibaki. Halafu siku moja wanaingia watoto watatu wengine nyumbani, wanahitaji vitanda, ada na baba. Mwanangu, nisamehe kwa kulisema wazi: anaposema "kila mtu", na wewe umo. Katika familia nzima wewe ndiye mtu ambaye haifai kumjibu kwamba alikuwa na bahati ya kuwa na baba kama yule. Na wewe ndiye mtu pekee anayeweza kumshukuru kwa jambo ambalo wengine hawajawahi kuliona kuwa ni zawadi aliyoitoa yeye.

Kwa hiyo tafuta kwenye kurasa zako maneno kama "baba bora kuliko wote", "hakuwahi kutukosa", "nyumba yake ilikuwa ya kwanza daima", uyatoe yote. Yanamlazimu binti yule kukaa mstari wa mbele, amevaa vizuri, akipigia makofi kitu anachojua si kweli. Kinyume chake nacho usikifanye: ibada ya shukrani si baraza la kusuluhisha, na mzee wa miaka 80 hapewi hesabu yake mbele ya wageni. Pita katikati, kwa kuitaja gharama na kuwashukuru walioilipa. Mimi ningeandika hivi:

"Mjomba, kuna watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye orodha ya zamu, lakini walifanya zamu pamoja nawe. Wanao walijifunza kucheza bila sauti mchana, kwa sababu wewe ulikuwa umelala baada ya kukesha na watoto wa wengine. Sisi watatu tulipoingia nyumbani kwako, walisogea kitandani ili tupate pa kulala. Sikuwahi kuwaambia asante. Nawaambia leo. Na mkaza mjomba alifanya zamu ya usiku miaka 34, bila sare na bila mshahara."

Hapo ndipo pa kumtaja mkaza mjomba, mara moja, kwa jina lake. Baada ya sentensi hiyo vuta pumzi moja ndefu, kisha uendelee na mtu aliye hai: mtoto, mjukuu, yeyote aliyeko pale. Kichekesho kisifuate mara moja, kitawafanya watu waone aibu kwa machozi yao. Na usimweke mwishoni kabisa. Kinachosemwa mwisho ndicho watu wanachotoka nacho mlangoni, na ukimalizia kwa aliyelala umerudi msibani kwa mlango wa nyuma.

Aya hiyo mwonyeshe binti yake kabla ya siku yenyewe. Akisema "hapana, usiiseme", iache yote, bila kubishana. Akikubali, muulize jambo moja dogo la kuweka mahali pa lile langu la kulala mchana, kitu ambacho ni yeye tu na ndugu zake wanakijua. Watakapokisikia watajua kwamba uliwauliza.

Andiko. Utashawishika kufungua kwa Zaburi 90:10, miaka sabini, na tukiwa na nguvu themanini. Mchungaji ataisoma, mzee wa kanisa ataisoma, na kadi ya keki huenda imeandikwa hivyohivyo. Tena kila mtu huishia kwenye themanini, na ukiendelea kusoma mstari uleule unakutana na taabu na ubatili; lazima kutakuwa na mama mmoja mwenye Biblia wazi mapajani atakayesoma hadi mwisho na kukunja uso. Ukitaka andiko, yuko mzee mwingine wa miaka 80 ambaye watu humsahau. Anaitwa Barzilai, katika Samweli wa Pili. Daudi alipokuwa anamkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa waliomletea yeye na watu wake vitanda, vyombo, ngano, dengu na asali kule Mahanaimu. Vita ilipokwisha, katika sura ya 19, mfalme akamwalika ahamie Yerusalemu atunzwe. Mzee akakataa kwa namna ambayo sikioni mwangu ina utani ndani yake: mimi leo nina miaka themanini, chakula sikionji vizuri, waimbaji siwasikii, kwa nini nikuongezee mzigo? Mchukue kijana huyu Kimhamu. Ni mtu aliyemhudumia mfalme wakati mfalme anakimbia, na alipoombwa apokee malipo akatania na kumsogeza mwingine mbele. Sentensi mbili au tatu za Barzilai zinatosha, na jambo la masikio acha Barzilai alitanie mwenyewe.

Maana masikio ya Mjomba ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko maandishi yako. Uzee kwa kawaida huanza kuondoka na sauti nyembamba. Vokali hubaki, lakini herufi kama s, f, sh na th hupotea, kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema bila kushika anachosema. Kupaza sauti hakumsaidii, kunaongeza kelele tu. Kinachomsaidia ni mwendo wa polepole, maneno yaliyotamkwa hadi mwisho, na midomo yako anayoiona, kwa hiyo usizungumze ukiwa umeinamia karatasi na usikifunike kinywa kwa kipaza sauti. Kishike chini ya kidevu. Muziki wa chini unaopigwa wakati wa hotuba uzimwe kabisa. Kiti chake kisiwe mbele ya spika inayonguruma. Na muhimu kuliko yote, ukumbi ukicheka usizungumze. Kicheko cha watu mia kinafunika sentensi inayofuata hata kwa mwenye masikio mazima. Subiri kipungue mpaka karibu kiishe. Nimewahi kumwona mzee mmoja kwenye sherehe yake mwenyewe akigeuka kulia na kushoto akiuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" wakati watu wote wanacheka kwa ajili yake, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumjibu. Mchapie nakala yake kwa herufi kubwa, saizi 18 au zaidi, apewe ukishamaliza. Ukimpa mapema ataisoma yote kabla hujafika katikati, na kicheko chake kitakutangulia.

Kuhusu urefu, umepewa kumi, andika saba. Nikizungumza mbele ya watu kwa mwendo ambao mzee anaufuata, sizidi maneno mia kwa dakika, na vicheko vinakula muda ambao mazoezi hayauonyeshi. Maneno 650 basi, mstari ukiachwa kati ya mstari na mstari. Yasome kwa sauti ukiwa umesimama, mkeo akiwa amekaa mbali nawe kwenye chumba, na umwombe ainue mkono kila anapopoteza neno. Usimuulize kama ni nzuri.

Mwisho wa hotuba nimekuachia kitu, kama utathubutu. Usimalizie kwa kumtakia miaka mingine mingi, hiyo itasemwa na wote. Rudi ukutani. Waambie waliokuwepo, "Kama na wewe uliwahi kumshikia Mjomba ukuta, inua mkono." Katika watu waliokuja kumshukuru muuguzi wa miaka 34, mikono itakuwepo, na mingine itakuwa ya watu wenye mvi. Wapange wawili watatu unaowajua wainue kwanza, kwani wengine husita mpaka waone mwenzao. Kisha mwambie, "Mjomba, geuka uone," ukae chini.

Ila wenye siku yao huketishwa mbele kabisa, wageni wote wakiwa nyuma yao, na mzee wa miaka 80 hageuzi shingo kwa wepesi. Asipoiona mikono ile, umewainulisha watu bure. Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo fika mapema, kaa kwenye kiti chake, uone kama kinaweza kuwekwa pembeni kikautazama ukumbi. Kama ni kile kizito cha mbao, tafuta wajukuu wawili wenye nguvu uwaonyeshe watakapokishika.